Somo Wako ni Nani, na Sikukuu Yake ni Lini?



Katika mitaa ya Kariakoo neno “somo” lilisikika kabla halijaingia katika katekisimu zetu. Waswahili wa pwani humwita “somo” mtu mwenye jina kama lao: Asha akikutana na Asha mwenzake sokoni humwambia “somo yangu, hujambo?”, na papo hapo panakuwa na udugu fulani kati yao, hata kama hawakuwahi kuonana. Neno hilo hilo hutumika pia kwa mwanamke anayemfunda mwari. Kanisa Katoliki lilipotafuta neno la kumwita mtakatifu ambaye Mkristo anachukua jina lake katika Ubatizo, lilikuta neno limekwisha kuwapo, lenye maana zote mbili zilizohitajika: mwenye jina moja nami, na anayenifunda. Ndiyo maana tunasema “somo wangu”, kwa kuwa tunamtaja mtu. “Somo langu” ni lile linalosomwa kwenye mimbari.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu katika parokia zetu za katikati ya jiji wapo watoto wengi wanaofika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wakijua tarehe ya keki, puto na mishumaa, lakini wakiulizwa somo wao ni nani hugeuka kumtazama mama, na mama naye hugeuka kumtazama katekista. Wengine wamekwisha kutafuta katika simu, wakapata tarehe tatu zinazopingana, wakaacha. Tarehe zinapingana kwa sababu zinazojulikana, na mtu akizifahamu anaweza kuipata iliyo yake.

Kwanza, kwa nini siku ya jina?

Kwa Wakristo wa karne za kwanza, siku ya kuzaliwa haikuwa na heshima kubwa. Origene, mwalimu wa karne ya 3, katika mahubiri yake juu ya kitabu cha Walawi alisema kwamba katika Maandiko haonekani mtakatifu hata mmoja aliyefanya karamu ya siku yake ya kuzaliwa. Waliofanya ni Farao (Mwa 40:20) na Herode (Mk 6:21), na karamu zote mbili ziliisha kwa mtu kuuawa. Hoja hiyo ni kali, na Kanisa halikuwahi kuwakataza waamini kushukuru kwa siku waliyozaliwa. Lakini inatuonyesha namna walivyohesabu. Kwao siku kuu ya mtu ilikuwa ile aliyozaliwa mbinguni, yaani siku ya kufa kwake katika Kristo. Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, alipouawa katikati ya karne ya 2, Kanisa lake liliandika barua likieleza kwamba litakusanyika mahali palipo na mifupa yake kuadhimisha “kuzaliwa” kwake, na maana yake ilikuwa kifo chake cha kishahidi. Ndivyo ilivyo hadi leo: tarehe nyingi za watakatifu katika kalenda ni tarehe za kufa. Kuzaliwa kwa hapa duniani tunakuadhimisha kwa watu watatu tu: Bwana wetu, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni.

Kutokana na mzizi huo, mataifa mengi ya Kikristo yaliizoea siku ya jina kuliko siku ya kuzaliwa. Huko Poland majina huchapwa katika kalenda ya ukutani chini ya kila tarehe, hivyo jirani na mwenzako wa kazini wanajua siku yako bila kuambiwa. Wagiriki nao huwapokea nyumbani wageni wasioalikwa, maana kila mtu anajua kwamba tarehe 6 Desemba ni siku ya akina Nikolao wote. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Siku ya kuzaliwa ni yangu peke yangu, na nisipoitangaza hakuna anayeijua. Siku ya jina ni ya wote wenye jina hilo, na imekwisha kuandikwa. Katika nchi ambako Uprotestanti uliwaondoa watakatifu katika ibada, siku ya kuzaliwa ilichukua nafasi, ingawa Wasweden mpaka leo wameyahifadhi majina katika kalenda yao. Hata ndani ya Poland desturi si moja, kwa maana watu wa Silesia hupendelea siku ya kuzaliwa.

Kwetu desturi hii ilikuja na wamisionari waliotoka katika nchi za namna hiyo. Wabenedikto waliojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa Dar es Salaam kati ya mwaka 1897 na 1902 walitoka Ujerumani ya Kikatoliki, ambako siku ya jina ndiyo iliyokuwa siku ya mtu. Na Wakapuchini wa Uswisi waliowafuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na desturi hiyo hiyo. Ilipokelewa kwa urahisi kwa sababu moja ambayo haikutoka Ulaya. Wazee wetu wengi hawakujua tarehe waliyozaliwa. Walijua kwamba ilikuwa mwaka wa njaa, au msimu wa mavuno, au kabla ya kuja kwa mtawala fulani. Tarehe iliyo katika kitambulisho cha babu mara nyingi ni ya kukadiriwa, na yeye mwenyewe anajua hivyo. Lakini jina la Ubatizo alikuwa nalo, na jina hilo lilikuwa na tarehe isiyokadiriwa na mtu. Kwa mzee wa namna hiyo, sikukuu ya somo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo watu wanaweza kuja kumwambia “hongera” naye akaamini kwamba ni yake kweli. Familia iliyohamia mjini ikaiacha siku hiyo na kumkatia mzee keki katika tarehe ya kitambulisho, imemwondolea kitu ambacho keki haikirudishi.

Jina liko katika daftari

Mtu anayetafuta tarehe ya somo wake asianze na simu. Aanze na daftari la ubatizo. Sheria ya Kanisa (kanuni ya 877) inamwagiza paroko kuandika bila kukawia majina ya waliobatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali, na tarehe ya Ubatizo pamoja na ya kuzaliwa. Aliyebatizwa Rombo, Peramiho au Bukoba na sasa anaishi Ilala hana haja ya kusafiri: paroko wake wa hapa anaweza kumwandikia barua ya kuomba taarifa hizo katika parokia aliyobatiziwa.

Sababu ya kuanza huko ni kwamba jina tunaloitwa mtaani si lazima liwe ndilo lililoandikwa. Janeth na Jeni ni maumbo ya kike ya Yohane. Jackline ni umbo la kike la Yakobo. Isabela ni Elizabeti aliyepitia Uhispania. Anayetafuta “Mtakatifu Jackline” katika kalenda atachoka bure, lakini akimtafuta Yakobo atawapata mitume wawili: Yakobo mwana wa Zebedayo, 25 Julai, na Yakobo mwana wa Alfayo, anayeadhimishwa pamoja na Filipo tarehe 3 Mei. Hapo atauliza wazazi wake walimkusudia yupi. Wakiwa hawapo, au hawakuwa wamefikiria hivyo, yuko huru kuchagua, na akishachagua abaki na huyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao kwa hakika umefanana na watu wengi. Mama mmoja anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Anaitwa Tereza. Alizaliwa mwishoni mwa Septemba 1968 na kubatizwa wiki chache baadaye. Bibi yake alikuwa akimwambia kwamba sikukuu yake ni tarehe 3 Oktoba. Katika jumuiya wanampongeza tarehe 1 Oktoba. Binti yake ametafuta katika mtandao na kumwambia kwamba wote wamekosea, ni tarehe 15 Oktoba. Nani anasema kweli?

Tunakwenda katika daftari. Madaftari ya zamani mara nyingi yaliandikwa kwa Kilatini, na baada ya jina Theresia tunakuta maneno yenye maana ya “wa Mtoto Yesu”. Basi yule wa tarehe 15 Oktoba anaondoka, kwa kuwa huyo ni Teresia wa Avila, mtawa wa Kihispania wa karne ya 16. Wa Mtoto Yesu ni Mfaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Zimebaki tarehe mbili, na zote mbili ni zake. Mpaka mwaka 1969 Kanisa lilimwadhimisha tarehe 3 Oktoba. Mwaka huo Papa Paulo VI alitangaza Kalenda mpya ya Kiroma, iliyoanza kutumika mwaka 1970, na Teresia akahamishiwa tarehe 1 Oktoba. Bibi hakukosea, alikuwa akisoma kalenda ya wakati wake. Jumuiya nayo inasoma ya leo. Mama Tereza wetu ataadhimisha tarehe 1 Oktoba.

Kama daftari lingekuwa na neno Theresia tu bila maelezo, angechagua mmoja wao, au angefuata desturi ya Wapolandi, ambayo tunaiona kuwa ya busara: pakiwa na watakatifu kadhaa wenye jina moja, mtu huchukua yule ambaye sikukuu yake inafuata karibu zaidi baada ya siku aliyozaliwa. Kwa aliyezaliwa mwishoni mwa Septemba, jibu ni lile lile, 1 Oktoba. Aliyezaliwa Agosti mwanzoni angempata Teresa Benedikta wa Msalaba, 9 Agosti. Na wa mwishoni mwa mwezi huo angempata Mama Teresa wa Kolkata, 5 Septemba.

Mabadiliko ya mwaka 1969 ndiyo chanzo cha nusu ya mabishano tunayoletewa ofisini. Vitabu vya sala vya zamani vingali katika makabati ya familia, navyo vina tarehe ambazo hazitumiki tena. Tomaso Mtume alikuwa tarehe 21 Desemba, sasa ni 3 Julai. Monika alikuwa 4 Mei, sasa ni 27 Agosti, siku moja kabla ya mwanawe Augustino, na huo ni mpango mzuri. Benedikto alitoka 21 Machi akaenda 11 Julai, ili asiangukie Kwaresima. Hata Polikarpo tuliyemtaja, ambaye ni somo wa Kardinali Polycarp Pengo aliyeliongoza Jimbo Kuu letu kuanzia mwaka 1992 hadi 2019, alitolewa 26 Januari na kuwekwa 23 Februari, tarehe ya kifo chake.

Chanzo kingine cha mabishano ni orodha za mtandaoni zilizotungwa na Wakristo wa Mashariki. Helena, mama yake Konstantino, kwa Waorthodoksi huadhimishwa pamoja na mwanawe tarehe 21 Mei. Katika orodha yetu ya Kiroma yuko tarehe 18 Agosti. Orodha ya Kigiriki haina kosa, ila si kalenda ya Kanisa ambamo Helena wa Upanga alibatizwa. Mkiona orodha inayomtaja Konstantino kama mtakatifu wa tarehe 21 Mei, fahamuni mko katika kalenda ya wenzetu.

Jina lisiloonekana katika kalenda

Baadhi ya waamini huchukua kalenda ya liturujia inayotolewa na Baraza la Maaskofu, wanapekua Januari hadi Desemba, hawaoni jina lao, wakahitimisha kwamba hawana somo. Ni vema kutofautisha vitabu viwili. Kalenda ya liturujia ina wale tu ambao Misa yao huadhimishwa kwa sherehe, sikukuu au kumbukumbu, nao ni wachache. Martirolojia ya Kiroma ndiyo orodha kubwa, yenye maelfu ya watakatifu na wenyeheri kwa kila siku ya mwaka. Asiyekuwa katika ya kwanza huenda yumo katika ya pili. Kristofa ni mfano: mwaka 1969 aliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, na madereva wengi wakadhani amefutwa utakatifu, lakini katika Martirolojia yumo, 25 Julai.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni jina la Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na kuitwa Kambarage. Alibatizwa akiwa mtu mzima, Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Ukipekua kalenda ya liturujia humkuti Mtakatifu Julius. Ukifungua Martirolojia unamkuta Papa Julius wa Kwanza, aliyemtetea Athanasio dhidi ya Waario, na aliyefariki Roma tarehe 12 Aprili 352. Kwa hiyo, tukimhesabu Papa huyo kuwa somo wake, sikukuu ya jina la Mtumishi huyu wa Mungu ni siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Hatusemi kwamba ndivyo alivyokusudia. Tunasema tu kwamba tarehe ipo, na anayeitwa Julius hapa mjini hana sababu ya kujiona yatima.

Kuna pia siku ambazo tarehe yenyewe husogea. Wenye jina la Yosefu wana siku mbili: 19 Machi, ambayo ni sherehe ya Mume wa Bikira Maria, na 1 Mei, kumbukumbu ya Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955. Tarehe 19 Machi daima huwa ndani ya Kwaresima au karibu nayo. Ikiwa Dominika ya Kwaresima, sherehe huhamia Jumatatu, kama ilivyokuwa mwaka 2023, ilipoadhimishwa tarehe 20. Ikiangukia Juma Kuu hutangulizwa. Mwaka 2008 ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Machi. Watakatifu wa daraja la kumbukumbu hawapewi nafasi hiyo: tarehe yao ikiwa Dominika, mwaka huo hawaadhimishwi katika Misa. Hata hivyo liturujia ikimpisha Bwana, mtu hajakatazwa kumkumbuka somo wake nyumbani siku hiyo hiyo.

Wenye majina ya nyumbani

Hatimaye swali linaloulizwa zaidi na wazazi vijana: mtoto anaitwa Neema, Baraka, Furaha au Zawadi, je, ana somo? Sheria ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali aliongeze yeye mwenyewe na kuyaandika yote mawili. Ndiyo maana wazee wengi wana jina la pili wasilolitumia kamwe, lakini limo daftarini, liulizieni. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo, na majina tuliyoyataja si mageni hata kidogo. Mtoto wa namna hiyo anaweza kumchukua somo wa Kipaimara, au mtakatifu ambaye jina lake lina maana ile ile: Baraka kwa Benedikto, maana yake “aliyebarikiwa”, Furaha kwa Hilari wa Poitiers, 13 Januari, maana yake “mchangamfu”, Zawadi kwa Mathayo, 21 Septemba, maana yake “zawadi ya Mungu”, na Neema kwa siku ya Kupashwa Habari, 25 Machi, Malaika alipomwita Maria kwa neno hilo.

Tusisahau kwamba majina ya Kiafrika nayo yameingia katika kalenda. Kizito na Lwanga ni majina ya Waganda waliouawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na tangu Paulo VI alipowatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 ni majina ya watakatifu sawa na Petro na Paulo. Mashahidi wote 22 huadhimishwa pamoja siku hiyo ya 3 Juni. Lakini anayeitwa Yosefu kwa heshima ya Yosefu Mukasa ajue kwamba huyo aliuawa mapema zaidi, 15 Novemba 1885.

Na Bahati? Mtoto wa kike aliyetekwa Sudan akauzwa utumwani, hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake, aliitwa na waliomteka Bakhita, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na “bahati” yetu. Alibatizwa Yosefina mwaka 1890, akawa mtawa huko Italia, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu. Akina Bahati wote, sikukuu ya somo wenu ni tarehe 8 Februari.